Ndoo ya Mayi

Kwa miezi mitatu nilikuwa naloweka nguo kwenye ndoo ya mtu, wala sikujua kwamba ndoo ile ilikuwa inangoja kurudishwa. Ni ndoo ya kawaida tu, ya njano, ile ya lita kumi inayouzwa na mafuta ya kupikia ndani. Kifuniko kimepasuka upande mmoja, na mkono wake wa waya umezungushiwa kitambaa ili usikate vidole. Nilipewa Tongaren, asubuhi ya tarehe 28 Desemba 2022, ikiwa imejaa unga wa wimbi hadi shingoni. Nilipofika kwetu Likoni nikaumimina unga kwenye mkebe wangu, nikaiosha ndoo, nikaiweka bafuni. Hapo makosa yangu yalizidi, ingawa hayakuanzia hapo.

Rafiki yangu ni mzaliwa wa Tongaren. Tulisoma naye chuo Eldoret na tukalala chumba kimoja miaka yote. Kila mwaka alikuwa akiniambia, "Njoo uone Krismasi ya kwetu," nami nikimjibu kwamba Krismasi si yangu na Bungoma ni mbali. Mwaka ule nikaishiwa na visingizio. Nikapanda basi kutoka Mombasa, nikafika Kitale siku ya pili miguu imevimba, tukachukua matatu hadi Kiminini, na kutoka hapo pikipiki. Vumbi la Desemba huko si mchezo. Tulipofika kwao nilikuwa mwekundu kuanzia nyusi hadi viatu.

Mamake alitungoja mlangoni. Nilimsalimu "Shikamoo" kama tulivyozoea Pwani, yeye akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia, "Mulembe." Rafiki yangu akanifundisha kujibu vivyo hivyo, mulembe, yaani amani. Kisha akanifundisha kumwita Mayi, ambalo kwa Kibukusu ni mama. Tangu saa ile sikumwita jina jingine.

Uani kulikuwa na mahindi kila mahali. Yalikuwa yameanikwa kwenye maturubai, punje tupu, na Mayi alikuwa akipita akiokota moja na kuiuma. Ikilia kacha, imekauka. Ikikubali meno, inarudishwa juani. Nilikaa pale siku tano, na leo naweza kukuelezea sauti ya punje ile. Lakini ungeniuliza siku nilipoondoka ni kitu gani Mayi alinifanyia, ningekwambia tu kwamba alinipokea vizuri sana. Na ndivyo nilivyomwambia mwenyewe.

Nilipofika nyumbani nilimtumia ujumbe kwenye simu. Niliuandika nikiwa bado kwenye kivuko cha Likoni, begi begani: "Mayi, nimefika salama. Asante sana kwa kila kitu. Mungu akubariki." Kisha nikatuma M-Pesa, shilingi 3,000. Niliona nimefanya jambo la maana. Mama ni mjane, wajukuu wapo, sukari imepanda bei, na mimi nina mshahara. Nililala nimetulia roho.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. Pesa zilikuwa zimerudi, zote 3,000, na ada ya kutuma alikuwa ameilipa mwenyewe. Hakuandika neno hata moja. Nikadhani amekosea kubonyeza. Nikazituma tena. Zikarudi tena.

Nikampigia rafiki yangu. Alikuwa amerudi kazini tangu tarehe 26, ameniacha na mamake siku mbili za mwisho. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayechagua maneno, "Mayi ameniuliza kama ulidhani kwetu ni hoteli."

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilimwambia ni pesa kidogo tu ya sukari, kwani Bungoma watu hawatumiani pesa? Akaniambia wanatumiana, tena sana. Watu wanachangiana kwenye matanga, karo, hospitali, na hakuna anayerudisha. Hata mgeni akiaga anaweza kumwekea mama wa nyumba mia mbili mkononi na kusema "ya sukari", au akampa mtoto ya daftari, na ikapokewa kwa furaha. "Lakini wewe," akasema, "uliondoka ukiwa hujasema kitu. Halafu ukatuma bei. Elfu tatu kamili, siku ileile, na ujumbe unaofanana na wa kampuni. Asante kwa kila kitu. Kitu gani?"

Nilijibu kwa hasira, "Kila kitu ni kila kitu!"

"Haya basi," akasema. "Kuku alichinjwa na nani?"

Hapo ndipo aliponisimulia, na itabidi na mimi nirudi nyuma kidogo ili unielewe.

Usiku wa kwanza tulikula ugali na mrenda uliochanganywa na kunde, umepikwa kwa munyu. Munyu ni ile chumvi ya kienyeji. Mashina ya maharagwe yaliyokauka huchomwa yawe majivu, majivu yakatiwa kwenye mkebe uliotobolewa chini, yakamiminiwa maji, na yale maji ya kahawia yanayodondoka ndiyo yanayolainisha mboga. Nilikula sana. Mayi alikuwa akinitazama, na kila mara akimwambia bintiye kitu kwa Kibukusu. Baadaye niliambiwa alikuwa akiomba radhi. Kwa Waluhya mgeni hakaribishwi kwa mboga peke yake. Mgeni anapokewa kwa kuku, na kuku wa kununuliwa kwenye friji si kuku. Awe amefugwa hapo nyumbani na ajulikane jina la mamake, kama wanavyotania wenyewe. Lakini rafiki yangu alikuwa ameshamwambia kwamba mimi ni Mwislamu, nyama nisiyojua imechinjwa vipi sili. Kwa hiyo usiku ule Mayi alikuwa na jogoo uani na hakuwa na mtu wa kumchinja.

Hakuniuliza. Angeniuliza, ningemwambia kwamba hata mimi mwanamke naruhusiwa kuchinja, ingawa kusema kweli sijawahi kushika kuku hai maishani mwangu. Lakini mgeni haombwi kisu. Kesho yake, tarehe 24, mimi na rafiki yangu tulikwenda Kitale kununua vitu vya sikukuu. Mayi akamfunga jogoo miguu, akamtia kwapani, akaenda sokoni kwa miguu pamoja na mjukuu wake wa miaka saba. Sokoni kuna mzee mmoja Mwislamu anayeuza nafaka. Hakumkuta. Ameenda kuswali, wakaambiwa, akitoka huko ana safari nyingine. Mayi akakaa kwenye magunia na jogoo wake akangoja. Mzee aliporudi jua lilikuwa limeshapita utosini. Akamchinja jogoo pale nyuma ya duka, akakataa kulipwa, na Mayi akarudi nyumbani na kuku kwenye mfuko, kwa miguu vilevile, kwa sababu pikipiki siku hiyo ya kuamkia Krismasi zilikuwa zinaitisha bei mara mbili.

Tuliporudi kutoka Kitale nilimkuta akiosha miguu kwenye karai. Vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. Mimi niliona miguu ile! Nikajua ametoka shambani. Jioni rafiki yangu akaninong'oneza, "Usiwe na wasiwasi, amechinjwa na Mwislamu," nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa kwamba maji yamechemshwa. Sikuuliza Mwislamu gani, wala ametoka wapi, wala kuku alifikaje kwake. Na rafiki yangu mwenyewe hakuijua habari yote hadi mtoto alipomsimulia, baada ya mimi kuondoka.

"Na hilo ni moja," akasema kwenye simu. "Sasa firigisi."

Nikahisi baridi, maana firigisi niliikumbuka.

Kuku wa Kiluhya hapigwi panga ovyo hadi mifupa ikawa vipande vipande kama tunavyouziwa mjini. Baada ya kunyonyolewa anapitishwa juu ya moto ili manyoya madogo yaungue na ngozi ipate harufu ya moshi. Kisha anafuatwa viungo kwa viungo, kila kipande kitoke kizima, kwa sababu kila kipande kina mwenyewe. Mapaja yana watu wake, mgongo una watu wake, shingo na miguu huwaangukia watoto. Firigisi, wanayoiita imondo, hupasuliwa ikatolewa mchanga, ikamenywa ule utando wake wa manjano ambao ukiachwa inakuwa chungu, kisha ikapikwa pamoja na nyama nyingine. Lakini haiwi sawa na nyama nyingine. Ni ya mwenye nyumba. Zamani wanawake wengi wa Kiluhya hawakula kuku kabisa, wala mayai, na hata siku hizi wanapokula, firigisi bado inajulikana inakwenda wapi. Mke aliyeipoteza njiani kati ya jiko na meza alikuwa na kesi ya kujibu.

Usiku ule wa tarehe 24 Mayi alileta ugali wa wimbi, mweusi kama udongo uliolowa, na bakuli la mchuzi. Akanipakulia yeye mwenyewe. Juu ya paja akaweka firigisi.

Mimi firigisi siipendi. Inanikwama menoni. Kwetu mtu asipopenda kitu anampa mwingine, na mjukuu alikuwa amekaa karibu yangu mkekani akinitazama kwa macho makubwa. Nikaichukua kwa vidole viwili nikamwekea kwenye sahani yake. "Kula wewe, ukue." Mtoto hakuila. Alimtazama kwanza bibi yake. Mayi akasema kitu kifupi, mtoto akaanza kutafuna polepole, na mazungumzo yakaendelea kuhusu bei ya mbolea. Nilijiona mkarimu.

"Baba alifariki 2018," rafiki yangu akaniambia. "Tangu siku hiyo Mayi hajaweka firigisi kwenye sahani ya mtu. Akichinja, anaikatakata kwenye mchuzi, isionekane. Wajomba wamekuja, kaka yangu mkubwa amekuja na wakwe zake, hajampa. Mimi mwenyewe nilishtuka alipokuwekea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, mbele yake? Nilijua utaila. Hata kama hupendi, ungeipokea tu, uiume kidogo, kisha umkatie mtoto. Hakuna angeona vibaya. Lakini ulimpa yote, kama mfupa."

Nilizima simu nikakaa kitandani. Kuna aibu inayopita ukijimwagia maji ya baridi, na kuna ile inayokufuata hadi kazini. Hii ilinifuata. Nilitaka kumpigia Mayi siku ileile nimwombe msamaha, lakini kila nilipoishika simu sikuwa na la kusema isipokuwa samahani kwa kila kitu, na hilo lingekuwa sawa na lile la kwanza. Siku zikapita. Januari ikaisha, Februari ikaisha. Rafiki yangu naye akapunguza kupiga. Tulikuwa tumebaki na salamu za "uko poa?" na "niko poa".

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Machi. Kwetu Likoni, kama kila mahali Pwani, alasiri ya Ramadhani sahani zinatembea. Jirani analeta viazi vya nazi, wewe unampelekea kaimati, wa nyumba ya tatu analeta uji wa mtama. Siku moja jioni sahani ya jirani ilikuwa imebaki kwetu, tumeshakula kilichokuwamo, na mimi nikaiosha nikamwambia mdogo wangu aikimbize kabla ya adhana. Mamangu akatoka chumbani kama aliyechomwa na mwiba.

"Unarudisha sahani tupu? Wewe umelelewa na nani?"

Akainyakua, akatia tambi za sukari, akaifunika, ndipo akamruhusu mtoto atoke. Nami nikabaki nimesimama jikoni, kwa sababu kupitia mlango wa bafuni nilikuwa naiona ndoo ya njano.

Nililijua jambo lile tangu utotoni! Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Mayi hakunipa unga kwenye mfuko wa karatasi, na mifuko ilikuwepo. Alinipa kwenye ndoo yake, yenye kifuniko na mkono uliofungwa kitambaa, na nilipomwambia "Mayi, hii utaihitaji," alijibu, "Utaileta." Nilifikiri ni adabu tu. Kumbe alikuwa akiniambia nirudi. Ilikuwa Kiswahili chepesi kabisa, nami nilikuwa nimesafiri karibu kilomita elfu moja nikaacha malezi yangu kituo cha basi.

Usiku ule baada ya tarawehe nilimpigia. Safari hii nilikuwa nimejipanga. Sikuandika hotuba, ila nilijilazimisha kukumbuka siku tano zile moja baada ya nyingine, nikijiuliza kila mahali: hiki alikipata wapi, na kilimgharimu nini? Ukiuliza hivyo, vitu vinajitokeza. Nilikumbuka maji ya kuoga yaliyokuwa moto kila jioni, na kuni zilivyokuwa mbali na nyumba. Nilikumbuka saga aliyopika siku ya kwanza ikawa chungu nikaisukuma pembeni, na siku ya tatu ikarudi mezani tamu, kwa sababu alikuwa ameimwaga maji, akaitia maziwa, akaiacha kwenye chungu na kuipasha kila siku hadi uchungu ukaisha. Mimi nilidhani ni mboga nyingine. Nilikumbuka siku ya tatu hiyohiyo, nilipoomba kazi kwa sababu wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe, naye akanipa ungo nipepete mahindi, akapita nyuma yangu kimyakimya akiyapepeta tena.

"Mayi," nikamwambia, "shikamoo. Nakupigia kuhusu yule jogoo."

Kimya.

"Nimejua ulikwenda naye sokoni kwa miguu. Nimejua ulimngoja mzee hadi mchana. Siku ile nilikuona unaosha miguu na sikukuuliza unatoka wapi. Asante kwa safari ile. Ulitaka nile bila shaka moyoni, na kweli nilikula bila shaka, wala sikujua ni kwa sababu yako."

"Nani amekuambia?" akauliza kwa ukali kidogo.

"Mjukuu wako."

"Huyo mdomo wake hauna mlango."

Nikaendelea kabla sijaishiwa na ujasiri. "Na ile imondo. Sikujua. Ningejua, ningeipokea kwa mikono miwili. Nimeambiwa hukumpa mtu tangu mzee aondoke. Mayi, sijui kwa nini ulinipa mimi, lakini nisamehe kwa kuitoa."

Alikaa kimya muda mrefu hadi nikatazama kioo cha simu kama bado yupo. Kisha akasema, "Hata yeye hakuwa anaipenda."

"Nani?"

"Mzee. Alikuwa anasema inamkwama menoni. Alikuwa anaiuma mara moja, halafu anawapa watoto. Ulipompa huyu mtoto nilimwona yeye." Akavuta pumzi. "Mimi sikukasirikia imondo. Nilikasirika ile pesa. Nilisema, huyu mtoto amekaa kwangu siku tano na hakuna kitu amekumbuka."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefikiri kosa langu lilikuwa mezani, kumbe mezani nilimpa kitu bila kujua, kisha nikaja kukifuta kwa simu.

"Sasa," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi ile ya mlangoni, "ndoo yangu iko wapi?"

Nilirudi Tongaren wiki ya kwanza ya Mei, baada ya Idi. Kabla ya safari niliisugua ndoo kwa mchanga na limau hadi harufu ya sabuni ikatoka, kisha kazi ikawa kuijaza. Pesa haikuwa na nafasi. Nilitaka vitu ambavyo Mayi asingevipata Kiminini wala Kitale, na ambavyo vingeweza kuliwa na watu wengi, maana nilijua havitakaa naye. Nilianza na halua ya Mombasa, kilo mbili, kwa sababu haiharibiki njiani. Nikaongeza tende, achari ya embe kwenye chupa, na mabuyu ya rangi kwa yule mtoto mwenye mdomo usio na mlango. Juu kabisa nikaweka leso. Leso ilinichukua asubuhi nzima, kwa kuwa leso ina maneno, na maneno ya leso mengi yameandikwa kwa ajili ya kumchoma mtu. Mwuza duka alichoka kunisomea. Mwishowe nikapata moja yenye neno la shukrani lisilo na mkia. Kwa yule mzee wa nafaka nikafunga kibunda kidogo cha tende peke yake.

Mei huko si Desemba. Mvua ilikuwa imeshika, mahindi yamefika magotini, na pikipiki iliteleza mara mbili kwenye tope hadi nikashuka nikatembea, ndoo kichwani. Mayi alinikuta njiani. Hakuitazama ndoo. Alinisalimu, "Mulembe," akanitazama usoni, kisha akanipokea mzigo, na nilimwona akiupima uzito kwa mkono kabla ya kuuweka kichwani kwake.

Jioni ile tuliongea sana. Nilimuuliza kwa nini alihangaika vile kwa ajili ya mtu asiyemjua. Akanionyesha kwa kidole, kupitia mlango, nyumba za majirani. Mashamba yale, akasema, yalikuwa ya wazungu. Baada ya Uhuru yakakatwa vipande, wakapewa watu kwa skimu, na hadi leo wazee wanataja shamba la mtu kwa namba. Watu walitoka huku na huku, Wabukusu, Watachoni, Wakabras na wengine, wakakuta jirani hawamjui na lugha hazifanani vizuri. Mume wake alifika akiwa mtoto, na baba yake. Usiku wa kwanza walilala kwa mtu waliyekutana naye barabarani. "Hapa hakuna mwenyeji," akasema. "Ni mtu amefika mbele yako kidogo tu."

Kuku alikuwepo tena, bila shaka. Safari hii tulikwenda sokoni pamoja, mimi nimembeba, naye akanicheka njia nzima kwa jinsi nilivyomshika kama bomu. Mzee wa nafaka alipokea tende zake akatuombea dua. Usiku firigisi ilikuja juu ya paja, kama mara ya kwanza. Niliipokea kwa mikono miwili. Nikaiuma. Ilinikwama menoni. Kisha nikakata kipande nikampa mtoto, nikakata kingine nikamwekea Mayi kwenye sahani yake, nikasema neno nililofundishwa na bintiye, "Orio." Alikitazama kile kipande kidogo. Akakila.

Wakati wa kuaga alinisindikiza hadi barabarani. Nilimtia mjukuu mia mbili mkononi nikasema ni za daftari, na Mayi hakusema kitu. Pikipiki ilipofika akatoa mzigo uliokuwa nyuma ya mgongo wake. Sikushangaa. Ilikuwa ndoo ya njano, safari hii ina maharagwe mapya na unga wa wimbi kwenye mfuko juu yake.

"Mayi, hii ni yako."

"Utaileta," akasema.

Iko jikoni kwangu sasa, si bafuni. Maharagwe yameisha, unga umebaki nusu. Mamangu ameshaiona na kuniuliza ni ya nani, nikamweleza, naye akaenda chumbani akarudi na pakiti ya iliki. Akaiweka juu ya kifuniko kilichopasuka akaniambia nisije nikasahau.